Riba Asilimia 18, Gharama Asilimia 30: Ada Ndogo Zinazokuza Mkopo

Wakazi wengi wa Nyacheki wanapokwenda kukopa huuliza swali moja: riba ni ngapi? Jibu hutolewa wazi, na mara nyingi mkopaji hutia sahihi kwa sababu ya jibu hilo. Hata hivyo, riba ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine hukatwa kidogo kidogo kwenye akaunti ambayo mkopo unapitia.

Makato hayo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ada ya kutunza akaunti, inayokatwa kila mwezi hata kama akaunti haijatumika. Ya pili ni malipo ya ujumbe mfupi unaotumwa kwa simu kila pesa zinapoingia au kutoka. Ya tatu ni ada ya leja, ambayo hutozwa kwa kila ingizo katika akaunti. Jina hilo limetokana na daftari kubwa ambalo makarani wa benki waliandikia hesabu za wateja kwa mkono. Kalamu imeachwa, lakini ada imebaki. Tena serikali hutoza ushuru wa bidhaa juu ya ada za benki.

Tuchukue mfano wa mkulima wa chai anayekopa Sh50,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Atalipa takriban Sh4,584 kila mwezi. Mwisho wa mwaka, riba yote itakuwa kama Sh5,008.

Tuseme alilazimika kufungua akaunti mpya ili apate mkopo huo. Ushuru ukiwemo, akaunti inamkata Sh150 kwa mwezi. Malipo ya majani chai yanaingia mara moja, rejesho la mkopo linakatwa mara moja, naye anatoa pesa mara mbili. Hayo ni maingizo manne ya Sh30, yaani Sh120. Ujumbe sita wa Sh5 unaongeza Sh30. Jumla ni Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka.

Sasa mkopo unamgharimu Sh8,608 badala ya Sh5,008. Ada hizo zikihesabiwa kama riba, mkopo wa asilimia 18 umekuwa wa takriban asilimia 30. Sababu ni kwamba mkulima hakai na Sh50,000 mwaka mzima. Deni hupungua kila anapolipa, hivyo kwa wastani anadaiwa karibu Sh28,000 tu. Riba hupungua pamoja na deni, lakini ada hubaki Sh300 hadi mwezi wa mwisho.

Kwa sababu hiyo, mwenye mkopo mdogo ndiye anayeumia zaidi. Ada hizo hizo kwenye mkopo wa Sh20,000 hufikisha gharama karibu asilimia 48, ilhali kwenye mkopo wa Sh200,000 ni kama asilimia 21. Hata hivyo, ada ambayo mtu angeilipa hata bila kukopa haifai kuhesabiwa kama gharama ya mkopo. Zinazohesabiwa ni zile zilizoanza kwa sababu ya mkopo.

Kuna hatari nyingine. Mkopaji akiweka Sh4,584 kamili, na ada zikatangulia kukatwa, rejesho halitatimia. Atahesabiwa kuwa amechelewa na huenda akatozwa faini, ingawa aliweka pesa zote za rejesho kwa wakati. Ni salama kuacha kwenye akaunti kiasi cha kutosha ada za mwezi juu ya rejesho.

Ili kujua kinachokatwa, mteja aombe taarifa ya akaunti ya miezi mitatu na ajumlishe mistari yenye maneno kama LEDGER FEE, MAINTENANCE FEE na SMS CHARGE. Kabla ya kutia sahihi, aombe apewe kwa maandishi jumla ya shilingi atakazolipa hadi mkopo uishe, ada zote zikiwemo. Aulize pia kama rejesho linaweza kupitia akaunti isiyo na ada ya kila mwezi, na kama ujumbe usio wa lazima unaweza kusitishwa. Mkopo ukiisha na akaunti haihitajiki, aifunge kwa maandishi, la sivyo ada zinaweza kuendelea.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kuongeza viwango vya ada bila idhini ya Waziri wa Fedha. Mteja anayeona makato asiyoyaelewa aanze kulalamika kwa maandishi katika tawi lake na atunze nakala. Asiporidhika, malalamiko dhidi ya benki hupelekwa Benki Kuu ya Kenya, na yale ya sako zinazopokea amana hupelekwa SASRA.