Albamu ya picha ndani ya faili moja la PDF

Harusi imepita, na ndugu wamekurundikia picha 40 kwenye folda moja. Shangazi anataka zichapishwe, na mjomba aliye mbali anataka atumiwe faili moja. Wengi huanza kwa kuingiza picha kwenye ukurasa mtupu na kuzivuta kwa kipanya hadi macho yaridhike. Kufika ukurasa wa tano, pambizo za huku na kule hazilingani tena. Pambizo hukaa sawa pale nafasi ya picha inapopimwa kabla picha yenyewe haijaingia.

Tuchukue karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Ukiacha pambizo ya milimita 15 kila upande, zinabaki 180 kwa 267. Picha ya mlalo yenye uwiano wa 3:2 ikijaza upana huo wote, kimo chake ni milimita 120. Picha mbili zikipangwa juu na chini zitachukua 240, na zile 27 zilizosalia ni za maelezo. Hesabu hii ndiyo albamu nzima. Kazi inayofuata ni ya mikono tu.

Ugumu ni kwamba simu nyingi hupiga picha za 4:3, ambazo ni refu kuliko nafasi yetu. Nakili folda kwanza, ubaki na picha asilia, kisha kata nakala hizo. Kihariri cha picha cha simu nyingi kina uwiano wa 3:2 tayari. Angalia usikate vichwa. Mara nyingi kinachofaa kuondoka ni dari au sakafu. Picha za wima usizikate: mbili za 3:4 zikikaa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na upana wa milimita 90, zinajaza nafasi ileile ya 180 kwa 120. Halafu yape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03, maana bila ile sifuri, programu nyingine huiweka picha ya 10 kabla ya ya 2.

Sasa fungua LibreOffice Writer, programu ya bure. Kwenye Format, kisha Page Style, chagua A4 na uweke pambizo za sentimita 1.5 pande zote. Ingiza jedwali la safu wima moja na mistari 40, mstari mmoja kwa kila picha. Hapohapo toa alama kwenye Heading, la sivyo mstari wa kwanza huhesabiwa kichwa cha jedwali, na picha ya bwana harusi yaweza kujirudia juu ya kila ukurasa. Kwenye Table Properties ondoa mistari ya mipaka, weka Padding iwe sifuri, na uzuie mstari kukatika kati ya kurasa mbili. Mwisho, chagua jedwali zima, nenda Row Height, andika sentimita 13.3 na utoe alama kwenye Fit to size.

Kila ukurasa sasa utabeba mistari miwili tu, kwani wa tatu hautoshei. Ingiza picha, ifunge kwa As Character ili isiteleze, ipe upana wa sentimita 18, bonyeza Enter, kisha andika maelezo kwa herufi za ukubwa wa 10. Picha mbili za wima zitahitaji mstari wao ugawanywe kwa Split Cells. Maelezo ya mistari miwili yanaenea vizuri. Yakizidi hapo utaona alama ndogo nyekundu kwenye kisanduku: maandishi yamemezwa, yapunguze. Na yawe ya maana. “Bibi akimvisha bi harusi kanga, Tanga” yatamfaa mjukuu kuliko “Picha ya 7”, kwa sababu majina ya watu ndiyo yanayosahaulika kwanza.

Kabla ya kutoa PDF, tazama ubora wa picha. Kwa upana wa milimita 180, picha yenye pikseli 1,600 huchapishika vizuri. Yenye 800 huanza kufifia nyusoni, nayo ni afadhali umwombe aliyeipiga akutumie ile asilia kama hati. Kwenye Export as PDF, acha 300 DPI kwa nakala ya kuchapisha, kisha toa nyingine ya 150 DPI kwa mjomba, ambayo itakuwa nyepesi kutumwa kwa simu. Ukikuta ukurasa mtupu mwishoni, andika 1-20 kwenye sehemu ya Pages nao hautatoka.

Ukifika kwa mchapishaji, mwambie achague Actual size. Akiacha Fit, mashine inaweza kuusinyaza ukurasa mzima, na zile milimita 15 ulizozipima hazitakuwa 15 tena.