Hotuba ya Baba, Masikio ya Wakwe

Baba wa bibi harusi katoka Moshi, ukumbi uko Lyon, na nusu ya wageni hawajui Kiswahili hata cha salamu. Hotuba kaiandika kwa mkono, kurasa mbili, maneno kama 500. Akiisoma peke yake ni dakika tano. Kwa kuwa mpwa wake atasimama kando akiitoa kwa Kifaransa, hesabu iwe dakika kumi au zaidi, na ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupunguza. Shukrani za kamati, zinazotajwa jina kwa jina, ndizo za kukatwa mwanzo, maana upande wa pili hauwajui wahusika.

Kisha mpwa anakaa na mzee wapitie mstari kwa mstari. Mzee kaandika: "Alipougua, hakubanduka kitandani pake hadi alipopona." Mswahili anayeijua familia haulizi. Kifaransa kinadai kujua kama aliyekesha ni mwanamume au mwanamke, na karatasi haisemi. Mpwa akibahatisha, wageni watadhani bwana harusi ndiye aliyelazwa, kumbe yeye ndiye aliyeuguza. Jibu analo mzee peke yake.

Hali ni hiyo kwa neno "wewe". Kifaransa kina la mazoea na la heshima. Kwa bwana harusi, ambaye mzee anamwita mwanangu, la mazoea linafaa. Kwa mama mkwe, ambaye ndiyo kwanza wanakutana, la heshima. Lakini mzee akiwageukia wazazi wote wawili, neno la wengi na la heshima ni lile lile, kwa hiyo mkalimani aangalie nani anatazamwa, asije akamwachia mmoja sentensi iliyokuwa ya wawili.

Mahali pagumu kuliko pote ni "tunawakabidhi binti yetu". Kitenzi cha Kifaransa kinachotumika kukabidhi funguo au kifurushi kipo, na ndicho kinachokuja haraka mdomoni. Wakwe watasikia bidhaa inabadilishwa mikono. Kipo kingine, cha kumwachia mtu unayemwamini kitu cha thamani; mimi ningechukua hicho bila kusita, kwani ndicho mzee alichokusudia.

Ukumbini, mzee asome sentensi mbili au tatu, anyamaze, mpwa aseme. Kipande kikizidi hapo, mkalimani anaanza kufupisha na mzee anabaki kujiuliza mbona yake yalikuwa marefu. Utani usikatwe katikati. Waswahili watacheka kwanza, wakwe baadaye, na mzee asubiri vicheko vyote viwili kabla ya kuendelea.

Kama harusi ni Jumamosi, mpeni mkalimani karatasi Jumatatu, na mzee akiongeza sentensi njiani kuelekea ukumbini, amsomee kabla hawajaingia.