Simu Moja, Wanunuzi Maelfu

Duka la mtandaoni likitangaza simu kwa nusu bei kuanzia saa sita usiku, wateja hawatawanyiki. Wote huikimbilia simu ileile, dakika ileile. Ndiyo maana jaribio la mzigo linaweza kufaulu vizuri, na duka bado likakwama usiku wenyewe.

Tuseme API ya duka, yaani mlango ambao programu ya mteja hupitishia maombi yake kwenda kwenye seva, ina miunganisho 20 ya hifadhidata, na kila oda hushika muunganisho mmoja kwa milisekunde 50. Muunganisho mmoja basi humaliza oda 20 kwa sekunde, na yote kwa pamoja oda 400. Wahandisi wanatuma oda za majaribio kwa zana ya k6: 50 kwa sekunde, kisha 100, kisha 200, wakiiacha kila hatua dakika kadhaa. Wanatumia mtindo wa `ramping-arrival-rate`, ambao hutuma oda mpya hata za awali zisipojibiwa. Wateja bandia wanaongoja jibu kwanza hupunguza kasi seva inapolegea, na hilo huficha tatizo. Wateja halisi huendelea kumiminika.

Majibu yanaanza kuchelewa karibu na 400, kama hesabu ilivyosema. Lakini bidhaa zilichaguliwa kwa kubahatisha. Oda zote zikielekezwa kwenye simu moja, duka linakwama kwenye oda 25 tu.

Prosesa ya hifadhidata, wakati huo, haijafika hata robo ya uwezo wake. Foleni ndefu mbele ya prosesa iliyotulia ni dalili kwamba maombi yanasubiriana. Kwenye PostgreSQL, ukitazama `pg_stat_activity`, utaona `wait_event_type` ikiandika `Lock`. Oda inapopunguza idadi ya simu ghalani, hifadhidata huufunga mstari wa simu hiyo mpaka oda ikamilike. Hapa kufuli linashikwa milisekunde 40, na sekunde moja haitoshi zamu zaidi ya 25. Kuongeza seva hakusaidii kitu. Baya zaidi, oda zinazongoja zimeshika miunganisho yote 20, hivyo hata anayetaka kutazama bei ya sufuria hapati jibu.

Dawa ni kuifanya hatua ya kupunguza idadi iwe ya mwisho:

```
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1
WHERE id = 7 AND idadi > 0;
COMMIT;
```

Kufuli likishikwa milisekunde 5 tu, kikomo kinapanda hadi karibu oda 200. Malipo yasiingizwe kamwe ndani ya kufuli: kumngoja mteja aweke namba ya siri kwa sekunde 10 ni kuuza simu sita kwa dakika.

Jaribio likirudiwa na kuthibitisha 200, duka linaweza kuruhusu oda 150 kwa sekunde na kuwaweka wengine kwenye ukurasa wa kusubiri zamu.