Umeuza opsheni, asubuhi unakuta hisa 100: cha kufanya

Muuzaji wa opsheni kwenye soko la Marekani anaweza kulala akiwa na dola 2,000 kwenye akaunti, akaamka anadaiwa dola 3,000. Si wizi wala hitilafu ya app. Mnunuzi ametumia haki yake mapema.

Opsheni za hisa za kampuni huko Marekani zinaruhusu hilo siku yoyote ya soko kabla ya mkataba kuisha. Aliyenunua ndiye anaamua. Aliyeuza kazi yake ni kutimiza.

Ilivyotokea

Tuseme muuzaji alipokea dola 150 na kuahidi kununua hisa 100 kwa dola 50 kila moja. Hisa ikashuka hadi dola 42. Mwenye opsheni akaona hana faida ya kusubiri, bora achukue dola 5,000 zake leo.

Ombi lake linakwenda OCC, taasisi inayosimamia mikataba hiyo. OCC inachagua broka kwa bahati nasibu, kisha broka anampata mteja mmoja kati ya waliouza. Muuzaji anapata taarifa asubuhi inayofuata. Hapo hawezi tena kujitoa kwa kuinunua opsheni ile, kwa sababu haipo tena.

Afanye nini?

Kwanza, aangalie salio. Hisa 100 zimeingia, dola 5,000 zinatoka. Malipo yanakamilika siku moja ya kazi baada ya haki kutumika.

Kama pesa ipo na kampuni bado anaiamini, anaweza kukaa na hisa. Ukitoa zile dola 150, kila hisa imemgharimu dola 48.50.

Kama pesa haitoshi, auze hisa soko likifunguliwa. Kwa dola 42 atapata 4,200. Pengo la dola 800 linakatwa kwenye zile 2,000, anabaki na 1,200. Hasara halisi ni dola 650, maana 150 alishapokea. Akikaa kimya, broka anaweza kumuuzia hisa kwa bei yoyote iliyopo.

Kama alinunua pia opsheni ya kujikinga, tuseme ya kuuza kwa dola 45, asiisahau. Ina thamani: anaweza kuiuza, au kuitumia kuzitoa hisa kwa dola 45.

Dalili za mapema

Hisa ikiwa dola 42, haki ya kuiuza kwa 50 ina thamani ya dola 8 papo hapo. Opsheni ikiuzwa 8.60, mwenye nayo akiitumia anapoteza senti 60, kwa hiyo mara nyingi atasubiri. Ikiuzwa 8.02, karibu hakuna cha kupoteza.

Asiyetaka hisa aifunge opsheni hapo, kabla soko halijafungwa. Kesho asubuhi huenda amechelewa.