Kupanga Siku ya Mtihani wa FA wa ACCA

Mitihani mingi ya uhasibu ya ACCA hufanyika Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kalenda ndiyo inayompangia mwanafunzi. Ile ya hatua ya mwanzo, ukiwamo wa uhasibu wa fedha unaojulikana kwa herufi FA, haifuati utaratibu huo. Hufanywa kwenye kompyuta siku yoyote ambayo kituo kina nafasi. Uhuru huo una mtego wake: wapo wanaolipia mapema ili wajilazimishe kusoma, wakaingia chumbani nusu ya silabasi haijaguswa, na wapo wanaoahirisha mwezi baada ya mwezi hadi walichosoma mwanzoni kimewatoka.

Mtihani wenyewe ni wa saa mbili. Sehemu ya kwanza ina maswali mafupi 35, kila moja alama 2. Ya pili ina maswali mawili marefu ya alama 15 kila moja: moja la kuandaa taarifa za fedha, jingine la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Alama ya kufaulu ni 50.

Hesabu ya tarehe huanzia kwenye saa zilizosomwa kweli. Zile za kwenye ratiba ya ukutani hazina kazi hapa. Tuseme karani wa hesabu jijini Dar es Salaam alijipangia saa 10 kwa wiki, lakini daftari lake la wiki nne linaonyesha 8, 6, 7 na 3, hiyo ya mwisho ikiwa wiki ya kufunga hesabu za mwezi kazini. Jumla ni 24, wastani ni 6. Huo wastani wa 6 ndio wa kutumia, na wiki mbaya isiondolewe kwa kisingizio kwamba haikuwa ya kawaida, maana mwisho wa mwezi hurudi kila mwezi.

Kisha inapimwa kazi iliyobaki. Karani huyu amemaliza misingi ya uhasibu, kanuni ya debiti na krediti, na kuingiza miamala vitabuni. Bado hajafika kwenye urari, kuandaa taarifa za fedha, kuunganisha hesabu na kuchambua uwiano. Kuhesabu sura hapa hupotosha. Sura zilizobaki huenda zikawa chache, lakini ndizo zinazobeba maswali yote mawili marefu, na kuandaa taarifa kamili yenye marekebisho ya uchakavu na madeni mabaya hakueleweki kwa kusoma. Sharti kufanywe kwa mkono mara kadhaa. Akizikadiria saa 30, atahitaji wiki tano. Marudio na mitihani ya mazoezi vikichukua saa 18, zinaongezeka wiki tatu. Wiki moja zaidi inawekwa kwa ajili ya ugonjwa, msiba au safari. Jumla ni wiki tisa.

Akianza mwanzoni mwa Agosti, wiki tisa zinamfikisha mwanzoni mwa Oktoba, yaani siku zile zile ambazo ofisi inafunga hesabu za Septemba. Tarehe inayofaa basi ni katikati ya Oktoba. Hata hivyo, si lazima ailipie Agosti. Kituo kikiwa na nafasi za kutosha, ni busara kusubiri hadi silabasi iishe na mtihani wa kwanza wa mazoezi ufanyike, halafu tarehe ithibitishwe au isogezwe. Masharti ya kubadilisha siku na kurudishiwa ada yaulizwe kituoni kabla ya kulipa.

Mtihani wa mazoezi una maana ukifanywa kwa saa mbili kamili, bila vitabu, kwa maswali ambayo mwanafunzi hajawahi kuyaona. Kurudia seti ile ile hupandisha alama kwa sababu majibu yamekaririwa. Aliyepata 54 bado hajafika: maswali mafupi matatu tu yakimwendea vibaya amebaki na 48. Kiwango cha kuaminika zaidi ni 60 au zaidi mara mbili, katika seti mbili tofauti. Jumla nayo ichambuliwe. Mwenye 60 aliyoipata karibu yote kwenye maswali mafupi, huku swali la kampuni tanzu akiliacha tupu, anahitaji wiki nyingine ya swali hilo.

Kwa upande mwingine, aliyefika 65 mara mbili hapati faida kubwa kwa kungoja mwezi mzima zaidi. Achukue nafasi iliyo karibu, ndani ya wiki moja au mbili. Matokeo ya awali huonekana papo hapo mtihani unapomalizika, na anayeshindwa anaruhusiwa kulipia tena na kurudia bila kungoja msimu mwingine.