Tusker Ilivyovuka Mpaka

Bia ya Kenya imeingia Tanzania kwa zaidi ya njia moja, na safari hiyo inaonyesha vizuri kampuni inalipa nini inapotafuta soko la nje. Kadiri unavyotaka kuamua mambo mwenyewe, ndivyo fedha zako nyingi zaidi zinavyokaa hatarini.

Njia nyepesi ni kuuza nje. Unapakia kreti kwenye lori, wakala wa ng'ambo anauza. Mzigo usipotoka, hasara yako ni mzigo huo tu. Lakini bia ni nzito, ushuru unaila, na bei ya dukani anapanga wakala.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, East African Breweries (EABL) ilikuwa na kiwanda cha Kibo mjini Moshi, huku wapinzani wao kutoka Afrika Kusini wakipika Castle huko Thika. Kiwanda chako kinakupa mamlaka juu ya ladha, bei na matangazo. Ukimiliki kampuni tanzu kwa asilimia 100, faida yote ni yako, na hasara vilevile. Vita hivyo vya bia viligharimu pande zote mbili.

Mwaka 2002 wakapatana. Viwanda vya Moshi na Thika vikafungwa. EABL ikapata asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries (TBL), Waafrika Kusini wakapata asilimia 20 ya Kenya Breweries, na kila upande ukapika bia za mwenzake kwa leseni. Mwenye leseni hulipa mrabaha. Mwenye jina hajengi chochote. Franchaizi huenda mbali kidogo: anayepewa jina hufuata pia mapishi, sare na mpangilio wa duka, kama KFC ilivyoingia Nairobi mwaka 2011.

Tatizo likajitokeza. TBL ilikuwa na bia zake, Safari na Kilimanjaro, kwenye malori yaleyale yaliyobeba Tusker. EABL ikalalamika kwamba bia zake hazisukumwi sokoni, na asilimia 20 hazikuipa nguvu ya kuamuru lolote.

Mwaka 2010 ikanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries. Huu ni ubia: fedha nyingi zaidi, lakini kura ya mwisho ni yako, na mbia anayejua mawakala wa nchi hiyo yuko kando yako. Hisa zake za TBL ikaziuza mwaka uliofuata.

Kwa hiyo anayetoa leseni aangalie kwanza kama mshirika anauza bidhaa inayoshindana na yake. Kama anauza, mkataba utaje kiwango cha chini cha mauzo ya kila mwaka, haki ya kukagua vitabu vya hesabu, na sharti kwamba leseni itarudi kwa mwenyewe kiwango hicho kisipofikiwa. Bila hayo, mshirika anaweza kuliacha jina lako lidorore bila kuvunja kipengele hata kimoja.