Farasi yuko mstari wa ngapi? Kuhakiki muhtasari kwa kurudi kwenye sura yenyewe

Muhtasari ulikuwa umekamilika. Tulikuwa tumeuandaa kwa ajili ya jumuiya ndogo ndogo, juu ya sura ya 9 ya Kitabu cha Matendo ya Mitume, nao ulijaa nusu ukurasa tu, kama tulivyoombwa. Kabla ya kupiga nakala tulimpa katekista mmoja mzee ausome. Aliusoma polepole, akafungua Biblia yake, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akatuuliza, “Wanangu, huyu farasi yuko mstari wa ngapi?”

Tulitafuta, na farasi hakuwepo. Sura ya 9 inasema Saulo alianguka chini, basi. Haisemi alianguka kutoka wapi. Farasi tulimtoa kwenye picha, maana wachoraji wengi wamemweka, na mchoro wa Caravaggio ulioko katika kanisa la Mtakatifu Maria wa Popolo, Roma, umeenea mno katika vitabu na kalenda. Tulikuwa tumeitazama picha mara nyingi kuliko tulivyokuwa tumeisoma sura.

Siku ile hatukupiga nakala. Tulikaa tukauhakiki muhtasari wote, na farasi akawa kosa dogo kuliko yote. Katika makala hii tunaeleza jinsi tulivyofanya, na tunamwomba msomaji afungue sura hiyo aende pamoja nasi.

Huu hapa muhtasari wenyewe, kama ulivyokuwa:

“Saulo, mtesaji wa Wakristo, alitumwa na Kuhani Mkuu kwenda Damasko kuwakamata wafuasi wa Yesu. Saa sita mchana, akiwa njiani, mwanga mkali ulimpiga akaanguka kutoka juu ya farasi wake. Alisikia sauti ya Yesu, lakini wenzake hawakusikia kitu. Akawa kipofu siku tatu. Anania alikwenda mara moja, akamponya na kumbatiza, na jina lake likabadilishwa kuwa Paulo. Alianza kuhubiri, Wayahudi wakataka kumwua, akateremshwa ukutani ndani ya kapu. Alipofika Yerusalemu mitume walimpokea kwa furaha.”

Unasomeka vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Muhtasari mbovu wa lugha humfanya msomaji asite. Muhtasari wenye lugha laini hupita bila kuulizwa, na kwa yule asiye na Biblia nyumbani, huo ndio unakuwa sura yenyewe.

Kwanza sura, kisha muhtasari

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuuhakiki muhtasari kwa kuusoma tena huo huo. Aliyeandika akisoma alichoandika huona alichokusudia. Kwa hiyo tuliufunika, tukasoma sura peke yake, tukaigawa katika vipande na kuandika neno moja au mawili kwa kila kipande:

- Mistari 1–2: Saulo aomba barua.
- Mistari 3–9: njiani kwenda Damasko.
- Mistari 10–19: Anania.
- Mistari 19–25: kuhubiri Damasko, njama, kapu.
- Mistari 26–30: Yerusalemu, kisha Tarso.
- Mstari 31: Kanisa lapata amani.
- Mistari 32–35: Petro amponya Enea huko Lida.
- Mistari 36–43: Petro na Tabitha huko Yopa.

Orodha hii ndiyo kipimo. Kazi iliyobaki ina safari mbili: moja kutoka kwenye sura kwenda kwenye muhtasari, nyingine kurudi. Zinatafuta makosa tofauti, na anayezifanya kwa pamoja huishia kufanya moja tu.

Safari ya kwanza: kilichoachwa

Tulishika orodha, tukauliza kwa kila kipande: kiko wapi katika muhtasari? Vipande vitano vya kwanza vilikuwa na sentensi zake. Vitatu vya mwisho havikuwa na hata neno. Muhtasari wetu uliishia Yerusalemu, karibu na mstari wa 27. Sura ina mistari 43, na 12 ya mwisho inamhusu Petro, yaani zaidi ya robo ya sura. Tuliipoteza kwa sababu kichwani mwetu sura ya 9 ina jina, “wongofu wa Saulo”, nasi tulifupisha jina badala ya sura.

Lakini kuacha siyo kosa kila mara, kwani kufupisha ni kuacha. Kanuni tuliyoiona inafaa ni hii: ukikiondoa kitu, je, kuna jambo lingine litakalobaki likining'inia? Njia iitwayo Nyofu na nyumba ya Yuda tuliziacha bila wasiwasi, maana hakuna tukio la mbele linalozitegemea. Zile barua za Kuhani Mkuu haziachiki. Katika mstari wa 14 Anania anataja mamlaka ambayo Saulo amepewa na wakuu wa makuhani kama sababu ya hofu yake, na katika mstari wa 21 watu wa Damasko wanashangaa kwa sababu hiyo hiyo. Vivyo hivyo mstari wa 43, unaosema Petro alikaa Yopa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Unaonekana mdogo, ila sura ya 10 inaanzia hapo, kwa kuwa ni katika nyumba hiyo wajumbe wa Kornelio watakapomfuata. Anayefundisha sura kwa mfululizo akiuacha, juma linalofuata atalazimika kueleza Petro amefikaje pale.

Safari ya pili: kila sentensi na mstari wake

Sasa tuligeuka. Tulichukua muhtasari sentensi kwa sentensi, na pembeni ya kila dai tukaandika namba ya mstari unaolibeba. Tunasema dai, siyo sentensi, kwa sababu sentensi moja hubeba madai mengi. “Saa sita mchana, akiwa njiani, mwanga mkali ulimpiga akaanguka kutoka juu ya farasi wake” ina manne au matano. Njia, mwanga na kuanguka vina namba, mistari ya 3 na 4. Farasi hana. Saa sita mchana nayo haina.

Hapa palizuka ubishi kati yetu. Mmoja alisema saa sita mchana siyo uongo, na alikuwa na haki, kwani imo katika sura ya 22, mstari wa 6, Paulo anaposimulia mwenyewe, na tena katika sura ya 26. Tukatambua kwamba vilivyozidi katika muhtasari ni vya namna mbili. Kuna kilichobuniwa, kama farasi, ambacho hakimo popote. Kuna na kilichoazimwa, ambacho ni cha kweli lakini ni cha sura nyingine. Cha pili ni kigumu kukiona, maana kadiri unavyoijua Biblia ndivyo unavyokiandika bila kutafuta.

Wala kuazima siyo kosa lisilo na madhara. Tazama dai kwamba wenzake Saulo hawakusikia kitu. Katika sura ya 22, mstari wa 9, Paulo anasema waliokuwa naye waliuona mwanga, lakini sauti hawakuisikia. Katika sura ya 9, mstari wa 7, imeandikwa kinyume: walisikia sauti, wasione mtu. Wafafanuzi wameandika mengi juu ya tofauti hiyo. Muhtasari wetu uliifuta kimya kimya kwa kuweka maneno ya sura ya 22 ndani ya sura ya 9, na msomaji asingejua kamwe kwamba kuna swali.

Jina la Paulo ni mfano wa tatu. Katika sura ya 9 yote anaitwa Saulo, kabla ya ubatizo na baada yake. Jina Paulo linajitokeza kwenye sura ya 13, mstari wa 9, na hata hapo inasemwa tu kwamba Saulo aliitwa pia Paulo. Hakuna anayembadilishia jina mbele ya Anania.

Tahadhari moja kabla ya kumhukumu mwandishi kwamba amebuni: uliza alitumia tafsiri gani. Baadhi ya tafsiri za zamani zinaweka katika sura ya 9, mstari wa 5, maneno juu ya kupiga teke michokoo, ambayo tafsiri nyingine zinayo katika sura ya 26 tu. Hakiki kwa tafsiri ile ile iliyofupishwa.

Dai lenye namba lakini lililopinda

Kosa la tatu halionekani kwa namba peke yake, kwa sababu namba ipo. Ni lazima kusoma dai na mstari sambamba, ukiuliza nani alifanya, kwa hiari au kwa kutumwa, na kwa mpangilio gani. Tulikuta matatu.

Tuliandika Saulo “alitumwa”. Mistari ya 1 na 2 inasema alikwenda mwenyewe kwa Kuhani Mkuu kuomba barua. Kwa neno moja tulimgeuza mtesaji mwenye bidii kuwa tarishi.

Tuliandika Anania alikwenda “mara moja”. Mistari ya 13 na 14 inamwonyesha akitoa hoja mbele ya Bwana: amesikia habari za mtu huyo na mabaya aliyoyatenda. Alikwenda baada ya kujibiwa.

Tuliandika mitume walimpokea “kwa furaha”. Mstari wa 26 unasema wanafunzi wote walimwogopa, wasiamini kwamba ni mwanafunzi, na mstari wa 27 unamleta Barnaba amshike na kumpeleka kwa mitume. Barnaba hakuwemo kabisa katika muhtasari wetu.

Ukiyaweka haya matatu pamoja utaona yote yameinamia upande mmoja: yanaondoa ukinzani. Hofu ya Anania na mashaka ya Yerusalemu yamelainishwa ili hadithi iteleze. Tangu siku ile tunayatilia shaka kwanza maneno kama “mara moja”, “kwa furaha” na “wote”, kwani mara nyingi ndiyo yanayoziba pale sura inaposita.

Muhtasari uliosahihishwa

“Saulo aliomba barua kwa Kuhani Mkuu ili awakamate wafuasi wa Yesu huko Damasko. Njiani mwanga ulimzunguka, akaanguka chini, akasikia sauti ya Yesu. Wenzake waliisikia sauti bila kuona mtu. Kwa siku tatu hakuona, hakula wala kunywa. Anania, akijua habari za mamlaka aliyokuja nayo Saulo, alisita, kisha akatii. Saulo akaona tena, akabatizwa. Alimhubiri Yesu Damasko hadi Wayahudi wakapanga kumwua, na wanafunzi wakamteremsha ukutani ndani ya kapu. Yerusalemu wanafunzi walimwogopa mpaka Barnaba alipompeleka kwa mitume. Huko nako alitafutwa auawe, ndugu wakampeleka Tarso. Kanisa likapata amani. Petro akamponya Enea huko Lida, akamfufua Tabitha huko Yopa, akakaa hapo kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi.”

Tulipomaliza tulirudia safari ya pili kwa sentensi mpya tu, maana kusahihisha nako huzaa makosa. Kisha tukampelekea katekista. Safari hii alifunga Biblia kabla ya kuuliza: “Na yule Tabitha, mbona hamkusema wajane walilia wakionyesha nguo alizowashonea?” Mstari wa 39. Tukamwambia nafasi haikutosha. Akatikisa kichwa, akasema basi hilo atawasimulia yeye mwenyewe.